Mchoro wa Swali la Saba

Saa tatu na dakika kumi na tano asubuhi, watahiniwa thelathini na wanane wa kidato cha nne walifungua karatasi ya Fizikia, wakafika swali la saba, wakakuta sanduku tupu. Chini ya sanduku hilo kulikuwa na maneno yaliyosema kwamba mchoro ulio hapo juu unaonyesha saketi ya umeme. Hapo juu hapakuwa na kitu. Swali lilikuwa na alama kumi na mbili.

Msimamizi wa chumba alikuwa Madam Kanana, mwalimu wa Dini. Alikagua karatasi zote, akahakikisha kwamba ukosefu ni ule ule kila mahali, akamwachia mwenzake chumba na kwenda ofisini kwa mkuu wa shule.

Shule hiyo ya kutwa iko juu ya mji mdogo wa Kibugu, mahali mashamba ya majani chai yanapokaribia msitu. Mwalimu wa Fizikia, Bwana Munene, alikuwa mita hamsini tu kutoka ofisini, jikoni, akinywa chai na mpishi. Angeweza kuuchora mchoro huo kwa dakika moja. Lakini kanuni za mtihani wa pamoja zilisema kwamba mwalimu wa somo asiione karatasi ya somo lake, wala asilizungumzie, wala asikaribie chumba cha mtihani hadi karatasi zifungwe. Kanuni hizo ziliandikwa ili kuzuia udanganyifu. Zilihakikisha pia kwamba tatizo lolote la Fizikia litatatuliwa na watu wasioijua.

Mkuu wa shule, Bwana Ndambiri, alimsikiliza Kanana, akapiga simu. Simu ya ofisi ni kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyo na kamera, kwa sababu simu zenye kamera zilifungiwa kabatini tangu Jumatatu. Upande wa pili, mjini Embu, alikuwa Bwana Ireri, katibu wa Kamati ya Mtihani wa Pamoja ya shule kumi. Bwana Ireri alisomea Historia.

"Hilo tunalijua," alisema Ireri. Spika ya simu ilimfanya asikike kama aliyezungumza kutoka ndani ya debe. "Picha iliruka wakati wa kuchapa. Nimepigia shule zote isipokuwa yenu. Chukua kalamu, mkuu, nikuelezee."

"Si mngetuma picha, Bwana Ireri? Nifungue kabati dakika mbili."

"Picha ni uvujaji wa mtihani. Kwa mdomo ni maelekezo. Kanuni ya kumi na nne."

Ndambiri alimsukumia Kanana karatasi na kalamu. Kisha akafungua droo, akatoa fomu moja na kuiweka kando ya karatasi. Ilikuwa Fomu ya Marekebisho. Ilikuwa na nafasi ya sahihi ya aliyechora, na nakala ya mchoro ingeambatishwa nayo. Haikuwa na nafasi ya aliyeeleza.

"Utatia sahihi wewe, Madam," alisema, "kwa kuwa chumba ni chako."

Kanana aliitazama fomu. Alikuwa mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, na mkataba wake ungeisha Ijumaa. Barua ya kumwongezea mwaka mmoja ilikuwa ndani ya droo hiyo hiyo, imeshapigwa chapa, bila sahihi. Ndambiri alikuwa amemwambia mara mbili kwamba angeitia sahihi mtihani ukipita bila doa. Doa lolote lingekuwa na jina, na jina hilo lingekuwa la aliyechora.

"Tayari?" aliuliza Ireri. "Kuna kitu kama nyumba. Halafu kuna mistari juu, kama ngazi. Halafu kuna duara, ina A. Kuna ingine ina V. Halafu kuna visanduku. Vimeunganishwa."

"Sawa sawa," alisema Ndambiri.

"V iko chini kidogo. Umepata?"

"Nimepata kabisa, Bwana Katibu. Asante sana kwa kazi nzuri."

Kanana alikuwa amechora nyumba. Ilikuwa na paa, ngazi juu ya paa, na maduara mawili yaliyoonekana kama madirisha. Aliigeuza karatasi ili mkuu wake aione.

"Hii si saketi," alisema.

"Wewe ni wa Dini. Utajuaje?"

"Ina paa."

Alinyoosha mkono akaomba simu. Ndambiri alisita. Katibu wa kamati ni wa ngazi yake, na mwalimu wa mkataba hazungumzi na katibu moja kwa moja. Lakini wanafunzi walikuwa wanasubiri, na kimya cha simu nacho kina gharama. Akampa.

"Bwana Ireri, ni Kanana, msimamizi. Naomba tuanze upya."

"Madam, shule zingine zimemaliza kwa dakika mbili."

"Hongera kwao. Kabla hujaniambia kila kitu kiko wapi, niambie viko vingapi. Vitu vyote ambavyo si waya mtupu. Hesabu tu."

Ikasikika sauti ya kalamu ikigonga meza.

"Ngazi ni moja. Duara mbili. Visanduku vitatu. Na kuna mahali waya umekatika, pana kimstari kimeinama, kimeandikwa S. Saba."

"Saba. Sasa hiyo ngazi. Sahau ngazi. Ni mistari mingapi, na imekaa vipi?"

"Minne. Imesimama wima. Mrefu, mfupi, halafu vitone vitone, halafu mrefu, mfupi."

"Unasoma kutoka kushoto?"

"Kushoto kwenda kulia. Imeandikwa volti sita."

"Inagusana?"

"Hapana, ina nafasi katikati. Wewe Madam, ni Mmeru wa wapi?"

"Githongo."

"Nilijua. Wameru hamwambiwi kitu mara moja."

"Tukiambiwa mara moja tunachora nyumba," alisema Kanana. "Sasa hii nyumba yenu ni mstatili tu, si ndiyo? Pande nne, hakuna paa. Hiyo mistari minne iko upande upi?"

"Wa juu, katikati."

"Basi weka kidole kwenye mstari mrefu wa mwisho kushoto. Fuata waya ukielekea kushoto, usiinue kidole. Kila ukikuta kitu, kitaje. Kila njia ikigawanyika, simama."

Hili Ireri alilielewa. Aliwahi kuwa karani wa sensa na alijua kufuata njia nyumba kwa nyumba. Kidole chake kilifika pembe ya kushoto, kikashuka. Kwanza ile S, ambapo kimstari kilichoinama hakikugusa upande wa pili. Kisha duara la A. Kisha pembe ya chini, kona, kuelekea kulia. Kisanduku kirefu kilichoandikwa omu mbili.

"Halafu hivyo visanduku vingine viwili," alisema, "kimoja juu, kimoja chini. Halafu unapanda upande wa kulia, waya mtupu, umefika. Na V iko chini yao."

Kanana alichora. Kisha hakusema amepata. Alisoma alichochora, kutoka mwanzo, polepole, huku Ireri akifuata kwa kidole.

"Baada ya omu mbili njia inagawanyika kuwa mbili. Ya juu ina kisanduku, ya chini ina kisanduku. Zinakutana, waya unapanda kulia. V iko kwenye waya wa njia ya chini, chini ya kisanduku."

"Hapo ndio ... ngoja. Hapana. V haiko kwenye hiyo njia."

"Iko wapi?"

"Ina miguu yake miwili. Imesimama nje."

"Mguu wa kushoto unagusa wapi?"

"Kuna kitone cheusi, pale njia inapogawanyika. Kimeandikwa P. Sikukiona mwanzo."

"Na wa kulia?"

"Kitone kingine pale zinapokutana. Q."

"Kwa hiyo kutoka P kwenda Q kuna njia tatu: kisanduku cha juu, kisanduku cha chini, na V chini kabisa."

"Tatu. Ndiyo." Kisha Ireri akaongeza, "Shule zingine sikuwaambia vitone."

"Waliuliza?"

"Walisema sawa sawa."

"Kisanduku cha juu ni namba gani?"

"Omu sita. Cha chini omu tatu. Madam, hizi shule zingine..."

"Unaweza kuwapigia tena."

"Walishasema wamepata," alisema Ireri. "Nikiwapigia tena nitakuwa nimewaambia hawakupata."

Kanana alisoma mchoro mara ya tatu, sasa akianzia upande wa kulia na kurudi nyuma, ili asidanganywe na mazoea ya sikio. Vitu saba, vitone viwili, namba nne. Kila kimoja kilikubaliwa. Simu ilidumu dakika kumi na tisa. Ndambiri alikuwa ameziandika kwenye kijitabu cha simu, na kando yake akaandika neno *ndefu*.

Kanana alirudi darasani, akauchora ubaoni. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Gatwiri, aliutazama sekunde tano, akainamisha kichwa na kuanza kuandika. Wengine wakafuata. Muda wa dakika thelathini uliongezwa, Kanana akajaza fomu, akatia sahihi.

Ijumaa, Kamati ilikutana mjini Embu kulinganisha nakala kumi zilizoambatishwa kwenye fomu. Wajumbe wote walikuwa wakuu wa shule. Kanana aliitwa kujieleza. Nakala zilitandazwa mezani. Shule nne zilikuwa zimeiweka V ndani ya waya mmoja na A, mahali ambapo mtu wa Fizikia angesema umeme usingepita kabisa. Mbili zilikuwa zimeacha kisanduku kimoja. Mbili hazikuwa na waya wa kurudi. Moja ilikuwa na paa.

"Madam," alisema mwenyekiti kwa upole, "mchoro wako haufanani na wa shule yoyote."

"Ya wenzangu nayo haifanani," alisema Kanana. "Naomba mchoro asili uwekwe mezani."

Hakuna mjumbe aliyekuwa amefikiria kuuleta mchoro asili. Ireri, bila kumtazama yeyote, alifungua faili lake akautoa. Aliuweka kando ya ule wa Kanana. Vitu saba, vitone viwili, namba nne.

Mjadala ulidumu saa moja. Mkuu mmoja alieleza kwamba shule yake haikukosea, bali ilielekezwa. Mwingine aliuliza kama ni haki shule moja kuwa na mchoro sahihi wakati tisa hazina. Mwishowe swali la saba lilifutwa kwa watahiniwa wote, kwa ajili ya usawa. Gatwiri, aliyekuwa amepata ampea moja na nusu na volti tatu, S ikifungwa, kama mwongozo wa kusahihisha ulivyotaka, alipoteza alama kumi na mbili pamoja na waliochorewa nyumba. Kumbukumbu za kikao zilisema kwamba tofauti ilionekana kati ya mchoro asili na michoro mingi ya shule, na kwamba mchoro asili uchunguzwe.

Jioni hiyo Ndambiri aliitoa barua kwenye droo.

"Nilisema bila doa," alianza. "Na swali limefutwa."

"Limefutwa kwa sababu ya shule tisa. Fomu yetu iko pamoja na mchoro asili, vimebanwa kwa pini moja. Ukitaka kuandika kwamba mimi ndiye doa, utaandika pia kwamba mchoro wa Kamati ni doa."

Ndambiri alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesema sawa sawa kwa miaka ishirini na sita na kupandishwa cheo mara nne. Muhula ujao kungekuwa na karatasi ya Jiografia, na Jiografia ina ramani.

Alitia sahihi. Kisha, kwa kalamu ile ile, akaongeza kazi moja chini ya orodha ya majukumu: kupokea michoro kwa simu.

"Bwana Munene angeweza kupokea ya Jiografia," alisema Kanana. "Si somo lake."

"Munene ana saketi kichwani. Ataelewa haraka, aseme amepata."

Kanana alisoma barua yote mara mbili, kuanzia juu, kisha kuanzia chini. Alikuta tarehe ya mwisho imeandikwa ya mwaka huu badala ya mwaka ujao. Aliirudisha mezani, akaweka kidole juu ya tarehe, akangoja hadi irekebishwe na kutiwa sahihi ndogo pembeni. Ndipo akaichukua.