Nafasi Mbili Kati ya Majina

Kwa miezi minane nilimtania baba mdogo kwamba amejifanya bosi, maana mkono wake wa kulia ulikuwa haubanduki mfukoni. Akiingia asubuhi, mkono mfukoni. Akisimama dirishani kumjibu mwanafunzi, mkono mfukoni. Ulitoka wakati wa kuchapa tu, nyuma ya kompyuta yake nisikouona. Hata chai alianza kunywa kwa mkono wa kushoto, tena nusu kikombe. Nilimuuliza kama yuko kwenye diet, akacheka akaniambia nifanye kazi. Mimi mdomo wangu hauna breki, na yeye ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu, kwa hiyo alinizoea.

Tulifanya kazi chumba kimoja, chumba cha kumbukumbu cha chuo cha wauguzi. Yeye alikuwa na miaka ishirini na saba pale, mimi mkataba wa mwaka mmoja. Kazi yake mwaka huo ilikuwa kuchapa kwenye Excel majina yote yaliyomo kwenye madaftari ya zamani, wahitimu elfu moja na mia moja na arobaini. Kazi yangu ilikuwa kuyaandaa yaingie kwenye mfumo mpya. Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Mama Mhuri kwa sababu mhuri wa chuo ulikuwa haumtoki mkononi, alishasema mfumo ukianza atabaki karani mmoja tu wa zamani, na atakayeharibu orodha atahamishiwa mapokezi, kule getini. Baba mdogo alibakiza miaka miwili astaafu. Alichotaka ni kimoja tu, aimalizie miaka hiyo kati ya madaftari yake.

"Getini nitafanya nini mimi?" aliniambia. "Niwaandikie watu jina na saa ya kuingia?"

Siku ya kupeleka orodha ilikuwa Ijumaa, mwisho saa kumi. Baba mdogo alikuwa amechapa kila jina zima kwenye safu moja, kama alivyoagizwa mwanzoni. Mfumo ulitaka safu tatu: jina la kwanza, la kati, la ukoo. Hilo halikunitisha. Ipo zana ya Text to Columns, inayokata maandishi ya safu moja na kuyagawa kwenye safu zinazofuata. Unaionyesha ikate wapi, na kwa majina inakata penye nafasi, pale palipobonyezwa kile kitufe kirefu cha chini ya kibodi. Chuo kilikuwa hakisajili mtu bila majina matatu kamili, kwa hiyo nikaongeza safu mbili tupu kulia, nikateua majina yote, nikachagua nafasi. Kidirisha cha kuona matokeo kabla ya kukata kikanionyesha mistari ya juu imekatwa safi kabisa. Nikabonyeza Finish.

Mashine ikaniuliza kama nataka kufuta data iliyopo tayari.

Nikaghairi. Data iliyokuwa kulia ilikuwa ni miaka ya kuhitimu, na kama ningekubali, baadhi ingekanyagwa. Lakini nilishangaa, kwa sababu majina matatu hayawezi kujaza safu nne. Nikaongeza safu nne nyingine tupu, nikarudia, safari hii haikuuliza kitu.

Mistari ya juu, aliyoichapa Januari, ilikaa vizuri, jina, jina, jina. Kuanzia Machi nikaona tundu la kwanza: jina la kwanza, kisha kisanduku kitupu, kisha la kati, na la ukoo limesukumwa hadi safu ya nne. Mei matundu yalikuwa kila baada ya mistari kumi. Julai, kila baada ya miwili. Agosti jina la ukoo la mtu lilikuwa limefika safu ya sita na katikati hakuna kitu. Tarehe ya kuchapa aliiweka mwenyewe pembeni ya kila mstari, karani mwaminifu, ndiyo maana niliweza kuisoma orodha ile mwezi kwa mwezi.

Zana ilikuwa haijakosea. Penye nafasi mbili ilikata mara mbili, ikaacha kisanduku kitupu katikati. Swali lilikuwa kwa nini mchapaji wa miaka ishirini na saba apige nafasi mara mbili, mara tatu. Herufi zikijirudia anaziona na kuzifuta, lakini nafasi haionekani. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kinagonga kile kitufe kirefu, kinatikisika, kinagonga tena, naye hajui.

Nikageuka kumtazama. Alikuwa amekaa, mkono mfukoni. Kitambaa cha suruali kilikuwa kinachezacheza juu ya paja, taratibu, bila kupumzika. Nilijichukia. Miezi minane nimekaa hatua tatu kutoka kwake nikipiga porojo.

Viatu vya Mama Mhuri vilikuwa vinasikika kwenye korido, na orodha ile mtu yeyote angeisoma. Nikarudisha nyuma kwa Ctrl na Z, majina yakarudi kwenye safu yake moja. Nikaifungua zana upya. Kwenye ukurasa ule wa kuchagua nafasi kuna kisanduku kidogo kinachoiambia ihesabu alama zinazofuatana kuwa moja. Kilikuwa kitupu. Nikakitia tiki, nikamaliza. Majina elfu moja na mia moja na arobaini yakakaa kwenye safu tatu, hakuna tundu hata moja. Nikafuta zile safu nne za ziada.

Mama Mhuri aliinama nyuma yangu akapitisha macho kutoka juu hadi chini, akashuka tena polepole. Akamwambia baba mdogo kwamba karani wa zamani ameshapatikana, hakuna haja ya kutafuta mwingine. Kisha akatoka, akarudi na bahasha kubwa ya kaki.

"Mtu makini namna hii ndiye niliyekuwa namtafuta," alisema. "Mwalimu aliyekuwa anatuandikia majina kwenye vyeti amehama. Ni vyeti mia moja na kumi na mbili, kwa wino, kwa mkono. Vimechapwa idadi kamili, hakuna cha kuharibu. Navitaka Jumatano."

Nilirukia haraka nikasema labda tuvipitishe kwenye printa. Akajibu karatasi ile ni nene, printa yetu haiimezi. Nikasema basi nitaandika mimi. Alicheka, na hakunionea, mwandiko wangu ningeuandika hata kwa mguu usingebadilika. Ningesema ukweli, baba mdogo angekuwa getini Jumatatu.

"Nashukuru, mama," baba mdogo alisema, na mkono haukutoka mfukoni.

Mama Mhuri alipoondoka, baba mdogo alifunga mlango. Akatoa cheti cha kwanza, akakiweka mezani, akafungua kalamu kwa meno. Kisha akautoa ule mkono, nikauona waziwazi kwa mara ya kwanza. Ncha ya kalamu ilizunguka hewani juu ya mstari mtupu na haikutua. Akaushika kwa mkono wa kushoto, yote miwili ikatikisika.

Nilisogeza kiti changu karibu naye.

"Niliiona," akasema bila kuinua macho. "Ulipokata mara ya kwanza, niliona kwenye kioo cha kabati. Niliona majina yalivyokwenda."

"Baba mdogo..."

"Na baadaye ukatia tiki mahali, yakakaa sawa." Akaitazama karatasi. "Sasa hapa, mwanangu, tiki inawekwa wapi?"

Niliikandamiza karatasi kwa viganja vyote viwili isisogee. Nilikuwa sina msaada mwingine. Akashusha kalamu, na wino ukagusa karatasi mara mbili.