Kikomo Mpaka Kesho

Mume wangu Tobias ana mdomo mtamu, ndiyo maana nilimwambia aniandikie barua. Kwa simu angenizungusha mpaka nikubali, halafu nikikata nabaki najiuliza nimekubali nini.

"Kaa chini, Baba Lidia, shika kalamu," nilimwambia kwenye simu. "Niandikie hiyo biashara yako ikishindwa inakula kiasi gani. Ukimaliza mpe konda wa basi la Liuli."

Mimi nilikuwa Liuli nanunua usipa, dagaa wa ziwani, wa kupandisha Mbinga. Yeye alikuwa Mbinga, karani kwa mnunuzi mmoja wa kahawa, na tangu mwanzo wa mwaka alikuwa haachani na simu. Alikuwa anafanya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni. Leo ananunua dola, kesho anauza yuro, na mkononi hajashika hata moja. Sasa alitaka akiba yetu.

Akiba yenyewe ilikuwa milioni sita, za bati na ufundi. Kule kijijini kwetu Maguu kuta za nyumba yetu zilikuwa zimesimama bila paa, zimejengwa kwa tofali mbichi, na mvua ikizikuta vile zinarudi kuwa tope. Mbao hazikuwa kwenye hiyo hesabu. Mbao Tobias alishazilipia laki tisa za pembeni, zipo kwa fundi Othmar. Ndivyo alivyoniambia. Akaunti ya benki ni ya wote wawili, na bila saini yangu haitoki hata mia.

Barua ikaja, na ndani yake fomu ya benki ya kutolea fedha. Nikaisomea dukani kwa Safina, rafiki yangu, ambako huwa naweka magunia yangu.

"Mke wangu Resti," aliandika, "usiogope. Naomba milioni mbili tu kati ya zile sita. Nne hazitaguswa. Ni kweli biashara hii inaweza kula fedha haraka, kwa sababu dalali anakuruhusu ufanye biashara kubwa kuliko ulichoweka. Ndiyo maana nimeweka kikomo cha hasara: laki moja na nusu. Hasara ikifika hapo, mtambo wa dalali unafunga biashara zote wenyewe, hata kama nimelala, na hauniruhusu kufungua nyingine mpaka kesho. Kwa hiyo kilicho hatarini si milioni sita, wala mbili. Ni laki moja na nusu basi. Wewe umechimba mashimo ya ngolo shambani, unaelewa. Maji yakishuka mlimani yanaishia shimoni, shamba linabaki. Saini hapo nilipoweka msalaba. Wako, Tobias."

Jamani, alinipata! Kwetu Umatengoni mwanaume anafyeka na kulaza majani, lakini mashimo ya ngolo tunachimba sisi wanawake. Mgongo wangu unayajua. Nikacheka peke yangu, nikaomba kalamu kwa Safina, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Hapo akaingia mama mmoja anataka sukari ya mkopo. Safina alinyoosha kidole tu kwenye karatasi aliyoibandika ukutani: KUKOPA KESHO.

"Na kesho nikija?" yule mama akauliza.

"Utaikuta inasema hivyo hivyo," Safina akasema, wakacheka wote.

Mimi sikucheka. Nilirudi kwenye barua, pale palipoandikwa "mpaka kesho." Kesho ya Safina haifiki. Je, ya Tobias? Ya Tobias inafika kila asubuhi! Kikomo hakikuwa cha fedha yote, kilikuwa cha siku moja. Na ngolo, bwana, inameza mvua ya leo. Kesho ikinyesha tena na shimo bado limejaa, maji yanapita juu, yanakwenda na udongo wote.

Nikampigia.

"Baba Lidia, hicho kikomo ni cha siku au cha jumla?"

"Cha siku."

"Na kesho yake?"

"Kinaanza upya."

"Kwa hiyo nikisaini milioni mbili, ukapigwa leo, ukapigwa kesho, keshokutwa..."

"Haiwezi kuwa kila siku, Mama Lidia."

"Sijakuuliza kama itakuwa. Nimekuuliza inaweza kula kiasi gani. Jibu."

Akasema, "Nakuja huko," akakata.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu mwenye jibu zuri hapandi basi. Usiku kucha nilihesabu kuta za Maguu, ukuta kwa ukuta, chumba kwa chumba: chetu, cha watoto, na kile cha mwisho cha mama yake, bibi Walburga, anayeishi kwenye kibanda kinachovuja.

Alinikuta kesho yake kwenye vichanja vya kuanikia usipa, macho mekundu. Hakunisalimia vizuri. Alitoa karatasi mfukoni.

"Nimekuandikia nyingine," akasema.

"Soma mwenyewe. Nisikie."

Akaikunjua, akasoma. "Kinachoweza kupotea ni chote nitakachoweka. Najua, kwa sababu nilishaweka. Niliweka laki tisa. Siku nne nilifika kikomo, na kila mara mtambo ulifunga palepale, kwenye laki na nusu. Zikabaki laki tatu. Ijumaa nikaacha biashara wazi. Soko likafungwa mwisho wa wiki, Jumatatu likafunguka bei imesharuka mbali. Kikomo hakikupata pa kushikia. Zilikwenda laki mbili na elfu kumi kwa mpigo. Zimebaki elfu tisini."

Laki tisa. Sikuhitaji kuuliza laki tisa zipi.

"Mbao," nikasema.

"Othmar hajawahi kupokea senti. Nilitaka hizo milioni mbili nizirudishe kabla hujajua, Resti."

Nilitamani kumpiga kwa ungo. Nilimtukana kwa Kimatengo mpaka wanawake wa vichanja vya jirani wakaacha kugeuza usipa. Kilichoniuma zaidi ya fedha ni ile ngolo. Alichukua kazi ya mgongo wangu akaifanya chambo! Nikalia, naye akalia, na kilio hakikuongeza mbao hata moja.

Nilipotulia nikamwambia atoe simu. Pale pale, mbele yangu, akaomba elfu tisini zirudishwe kwenye namba yake, zilipoingia akaifunga ile akaunti. Ile fomu yake niliichana, herufi yangu moja ikiwa bado juu yake. Tukapanda basi pamoja, tukajaza fomu mpya Mbinga, milioni sita zote, saini mbili, tukatoka benki moja kwa moja kwenda kununua mbao na bati. Sikumwachia hata risiti.

Lakini mbao zilikuwa zimekula fedha ya bati, kama nilivyojua. Othmar alipima, akapima tena, akakuna kichwa. Bati zilitosha vyumba viwili. Akaezeka chetu na cha watoto, na mvua ya kwanza ikatukuta ndani.

Asubuhi yake bibi Walburga alikuja na mkeka wake umekunjwa kwapani. Tukamwamkia, akaitikia huku anatazama bati, anafurahi, anapiga vigelegele. Akazunguka nyumba hadi mwisho, kwenye chumba chake. Ukuta mmoja ulikuwa umeshalala chini, tope limefika mlangoni.

"Na mimi, mwanangu," akamwuliza Tobias, "kwangu lini?"

Nilimwona akifungua ule mdomo wake mtamu.

"Kesho, ma..." akaanza. Akanitazama. Mkeka bado ulikuwa kwapani kwa mama yake.

"Sijui, mama," akasema. "Fedha ya chumba chako niliipoteza mimi."