Nafasi Kabla ya Nukta

Rosalind Gagnon alijua tangu ukurasa wa kwanza kwamba kuna kitu kimeharibika. Katalogi ya jumba la makumbusho, Kifaransa kwenda Kiingereza, tafsiri ya Alasdair Fenwick, na kabla ya kila nukta pacha palikuwa na nafasi. Mfaransa huiweka nafasi hiyo, Mwingereza haitaki hata kuiona. Ndani ya alama za kunukuu pia maneno yalikuwa yamekaa mbali na alama zenyewe, kama yalivyokaa kwenye vijimshale vya kunukuu vya Kifaransa. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Na aliyemfundisha Rosalind kuzifuta nafasi hizo, kwa kumkaripia mbele ya ofisi nzima, alikuwa Alasdair huyohuyo.

Bosi wao, Bertrand Ouellette, hakuhitaji kuambiwa. Mteja alishapiga simu. Aliwaita wote wawili kwenye chumba kinachotazama mtaa wa Saint-Denis, theluji ikiyeyuka dirishani.

"Mzee, tusizungushane," alisema. "Mkataba unakataza mashine ya kutafsiri. Kama umeitumia, unafungasha virago leo. Rosalind ndiye mhariri, yeye ndiye atakayesema."

Alasdair alivua visikizi masikioni, akavining'iniza shingoni. Tangu msimu wa mpira wa magongo uanze havikumtoka, na vijana wa ofisini walimtania kwamba anasikiliza mechi akiwa kazini.

"Mashine?" alisema. "Mimi? Bora uniambie nimeiba sabuni ya chooni."

Rosalind alicheka, halafu akaona Bertrand hacheki. Basi akafungua kompyuta. Mwanamke huyu, ukimchokoza mwalimu wake, umemchokoza yeye.

"Tazama, Bertrand." Akabonyeza kitufe cha kuonyesha alama zilizofichwa. Kabla ya kila nukta pacha kikatokea kiduara kidogo. "Hii ni nafasi isiyokatika, ya kuzuia nukta isidondokee mstari wa chini peke yake. Imetoka kwenye faili la Kifaransa. Sasa ngoja."

Akachukua aya ileile ya Kifaransa, akaitia kwenye mashine. Kiingereza kikatoka kimebanwa vizuri, nukta imegandamana na neno lake. Hakuna kiduara hata kimoja.

"Umeona? Mashine imezifuta. Halafu soma Kiingereza chenyewe, kimepooza kama uji wa jana. Sasa soma cha mzee."

Bertrand akasoma. Alisoma aya nzima, akarudia. Kilikuwa Kiingereza cha mtu.

"Huyu ameandika palepale juu ya faili la Kifaransa," Rosalind alisema. "Amefuta neno, ameweka neno, nukta ameiruka. Wazee wote wa kazi hii hufanya hivyo. Vijimshale amevibadilisha, nafasi za ndani zimebaki. Ni mkono wa mtu huu, naapa."

"Haya, nimekubali." Bertrand akashusha pumzi. "Samahani, mzee. Lakini basi kwa nini? Miaka yote hii ulikuwa ukizifuta."

Rosalind alifungua mdomo amjibie. Uvivu, haraka, lolote. Macho yake yakatua kwenye visikizi pale shingoni, na jibu likamfia mdomoni. Maneno yote yalikuwa sawa. Tarehe zilikuwa sawa, majina ya wachoraji yalikuwa sawa, hata alama za kunukuu zilifunguliwa na kufungwa mahali pake. Kompyuta inayomsomea mtu maandishi kwa sauti husema "nukta pacha", husema "fungua nukuu". Nafasi haiisemi. Kilichokosewa ni kile tu kisichosikika.

Hakuwa akisikiliza mechi.

Angenyamaza. Alitaka kunyamaza, Mungu anajua. Lakini Alasdair alikuwa amekwisha kuusikia ule ukimya wake.

"Nilikufundisha vizuri mno, binti," alisema taratibu. Kisha akamgeukia Bertrand, au tuseme upande wake, kwa kuwa alimkosa kidogo. "Tangu vuli. Katikati ya kila ninachotazama pamekuwa na ukungu. Daktari anasema hautaondoka. Nilidhani kwa masikio nitamaliza huu mwaka."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Alasdair ameumbuliwa na nafasi tupu. Bertrand alijikuna shingo. Hasira zote zilikuwa zimemtoka, na hakuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

"Ziko wapi?" Alasdair aliuliza, akainua kidole. "Nionyeshe."

Rosalind akakuza maandishi hadi neno moja likajaza kioo. Akaushika mkono wa mwalimu wake, akakiweka kidole kati ya neno na nukta.

"Hapa."

"Hapa?"

"Hapohapo, mzee."

Alasdair aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akakaa hivyo.

"Ifute," alisema.