Wateja wa Bei ya Zamani

Katika saluni ya Nyiramana, pale mtaa wa Kimisagara, mteja halipi bei ya leo. Hulipa bei aliyoikuta siku ya kwanza alipokanyaga mlangoni. Desturi hiyo haikuletwa na serikali wala kanisa. Aliianzisha Nyiramana mwenyewe, kwa ule moyo wake usiojua kusema hapana, na sasa ilikuwa inamtafuna.

Karatasi ya bei ilibandikwa kando ya kioo. Kusuka rasta, meshi, zile nywele za bandia, uje nayo mwenyewe: faranga 2,000, imekatwa kwa mstari. Pembeni yake, kwa kalamu, 3,000, nayo imekatwa. Pembeni zaidi, 4,000. Mgeni angedhani mistari ile imeziua zile bei mbili za mwanzo. Thubutu! Zilikuwa hai kuliko mwenye saluni.

Mkubwa wa wateja wa elfu mbili alikuwa Jolly, mama wa ofisini aliyekulia Uganda, mwenye nyumba yake Rebero, kwa wenye nazo, na gari lake mwenyewe. Pesa hazikumsumbua. Alichokipenda ni cheo. Kila akimkuta mgeni kwenye kiti, humaliza kusukwa kisha husema kwa sauti, “Mimi niko wa zamani hapa. Nalipa bei ya zamani.” Mgeni naye humtazama kama mtu aliyeanzisha mji.

Bwana Évode, mwenye chumba, yeye hakuwa na desturi kama hiyo. Alipandisha kodi, akaongeza kwamba muuza simu mmoja anakitaka chumba kile, na mwezi ukiisha bila kodi kamili atampa. Nyiramana aliangalia saluni yake. Viti vyote vimejaa, na karibu wote ni wa zamani. Mikono imevimba kwa kusuka, mfuko mtupu. Usiku ule alilia, maana bila chumba kile hakuwa na pengine pa kuanzia.

Siku chache baadaye alipita duka la magodoro, akaona bei kubwa imekatwa kwa wino mwekundu, ndogo imeandikwa pembeni, na watu wanatoka wamebeba magodoro huku wanacheka. Akarudi, akabandua karatasi yake, akaandika nyingine. Kusuka rasta: 8,000. Akaikata kwa wino mwekundu. Pembeni akaandika 6,000.

Elfu nane hakuwahi kumtoza mtu tangu azaliwe. Alijua ni uongo, akaona aibu, akamwomba Bikira Maria amsamehe na, ikiwezekana, amsaidie.

Jumamosi saluni ilijaa. Kamikazi, binti aliyehamia mtaani juzi tu, alikuwa amekaa karibu na kioo akisubiri zamu yake. Belyse, wa elfu mbili kama Jolly, alikuwa amekwisha kusukwa, anakaushwa nywele. Jolly aliingia akiongea na simu, akasukwa akiongea na simu, akamaliza. Ukutani hakutazama hata mara moja. Mtu wa zamani atasoma bei ya nini?

“Nyiramana, nakulipa kwa simu,” alisema, akamgeukia Kamikazi kidogo. “Mimi niko wa zamani hapa. Nalipa bei ya zamani.”

Kamikazi akainua macho kwenye karatasi. “Yewe! Elfu nane?” Akamtazama Jolly kwa heshima ya kweli. “Sisi wageni tunalipa sita, dada, na mimi nilikuwa naona iko mingi.”

Jolly akageuka. Akaisoma karatasi, akairudia. Ungempa Nyiramana nafasi ya kufuta namba moja tu duniani, angeifuta ile elfu nane.

“Dada Jolly,” alisema haraka, “hata wewe lipa ile mpya. Hakuna shida, kabisa.”

Hapo ndipo alipoharibu. Macho ya saluni nzima yalikuwa kwa Jolly. Kusema alikuwa akilipa elfu mbili ni kumwambia binti yule kwamba cheo chote kile kilikuwa cha bei ya muhogo. Kulipa sita ni kuhesabiwa na wageni. Jolly alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni.

“Mpya ya nini?” alisema. “Mimi na wageni tuko sawa?”

Simu ya Nyiramana ikalia. Elfu nane.

Belyse akatoa kichwa kwenye mashine. Aliitazama karatasi, akamtazama Jolly, na ikaonekana anapigana na nafsi yake, maana yeye hakuwa na gari wala nyumba Rebero. “Na mimi,” alisema mwishowe, “si nilianza kuja hapa mbele ya Jolly?” Simu ikalia tena.

Nyiramana alizipokea pesa zile kwa furaha na kwa aibu, hata hakujua ipi imezidi. Wa zamani wakilipa hivi, chumba kimepona. Alitaka kusema ukweli, akamkumbuka Bwana Évode, akamwita Kamikazi kwenye kiti.

Binti alikaa, akainamisha kichwa, akanong'ona, “Dada, na mimi nikija kila wiki, iko siku utaniruhusu kulipa ya zamani?”