Kiuno cha Ndege ya Tamar

Tamar alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho ya uhandisi wa ndege katika ukumbi wa chuo kimoja cha Butembo, na kila kitu kilitegemea dai moja: kwamba ndege ndogo aliyoichora ingefika asilimia themanini na nne ya kasi ya sauti kabla ukinzani wa hewa haujapanda ghafla. Akifaulu, ni mhandisi. Akianguka, anarudia mwaka.

Profesa Kasonia, mwenyekiti wa jopo, aliutazama mchoro wa bawa akakunja uso.

— Mademoiselle, hii bawa si umeigeuza? Juu ni plat, bapa kabisa, tumbo liko chini!

Ukumbi ukacheka. Tamar hakucheka, swali hilo alikuwa analingoja kwa hamu.

— Hapana, professeur. Iko vile kwa kusudi. Juu ikiwa plat, hewa haikimbie sana pale. Onde de choc, ile wimbi ya mushituko, inakuwa zaifu, inasogea nyuma, donc traînée, ukinzani wa hewa, inachelewa kupanda. Nguvu ya kuinua tunaiongeza nyuma, ku huu mupindo wa chini.

Kasonia akaridhika. Mjumbe mwenzake, Éliakim, akaomba mchoro wa maeneo, ule wenye mstari wa unene wa ndege nzima, na hapo Tamar akajigamba kidogo. Karibu na kasi ya sauti, alieleza, hewa haijali kipi ni bawa na kipi ni mwili. Inahisi jumla ya ukubwa wa vyote, kipande kwa kipande, toka puani hadi mkiani. Jumla ikivimba ghafla, ukinzani nao unapanda. Ndiyo maana aliubana mwili pale penye mabawa, ndege ikapata kiuno. Mstari wa jumla ulipanda na kushuka polepole, bila kigongo.

— Muzuri sana, akasema Éliakim, akafunika kalamu yake.

Tamar akautazama tena ule mstari. Ulikuwa mzuri kupita kiasi. Injini zake zilikaa ubavuni mwa mwili, karibu na mkia, na pale mstari ulipita laini kabisa. Alikuwa amezichora kwenye faili jingine, akasahau kuzijumlisha. Jopo lilikuwa tayari linakusanya karatasi.

— Baprofesa, injini hazimo.

Akachukua chaki, akachora kigongo mahali pake.

— Na hii, traînée inapanda mbele ya kufika ile kasi niliandika. Ilitakiwa nibane mwili hata pale, ao nisogeze injini.

Jopo lilitoka, likarudi. Arekebishe, aje mwaka ujao.

Mama yake, Florentine, alikuwa amefika toka Musienene na dada zake, nao walisimama uani. Alipomwona binti yake mlangoni akafungua kopo la poda, tayari kummwagia kichwani kama wanavyomwagiwa waliofaulu.

— Mama, funga. Nilikosea.

— Baliona?

— Hapana. Ni miye nilibaonyesha.

Florentine akafunga kopo.

— Ungenyamaza tu, mutoto wangu.

Hapo Tamar akalia, kwa sababu ndilo wazo lililompitia yeye mwenyewe jopo lilipokuwa linakusanya karatasi.