Saa Tano za Kusuka Rasta

Rhoda aliandika maneno ya video kwa siku tatu, kwenye daftari la shule la mwanawe Boaz, na ungemkuta ungedhani anaandika wosia. Bibi harusi mmoja wa Geita mjini, aitwaye Generosa, alikuwa na wapambe saba wa kusukwa, na alikwisha kuchoshwa na mafundi wa maneno matupu. Alitaka kuona mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, muda utajwe, bei itajwe, ndipo aamue nani wa kumwita. Kharumwa, mji wa Rhoda, saluni zimeota kama uyoga, lakini kwa rasta zisizo na fundo hakuna aliyemfikia Rhoda. Tuseme hakukuwa na aliyemfikia.

Maneno yenyewe yalikuwa haya:

"Habari zenu. Mimi ni Rhoda wa Kharumwa. Leo nasuka rasta zisizo na fundo, saizi ya kati. Nywele nimeziosha, nimezikausha kwa draya na kuzichana. Nagawa kwa mkia wa kitana, mistari inyooke. Naanza na nywele zako mwenyewe, nasuka mara mbili au tatu, ndipo naongeza rasta kidogo kidogo, hivyo shina halivimbi wala kichwa hakiumi. Nikimaliza nachovya ncha kwenye maji ya moto, napaka povu la kutuliza. Muda ni saa tano. Ufundi elfu ishirini na tano. Ukitumia rasta zangu, pakiti tano, jumla elfu arobaini."

Alipofika kwenye muda, kalamu ilisimama. Saa tano ulikuwa muda wake wa miaka miwili nyuma. Siku hizi hakuangalia saa akisuka, kwa sababu aliogopa itakachomwambia. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikifa ganzi, na mkono ukiinuliwa ulitetemeka, kidogo tu, akajisemea ni uchovu. Nesi wa zahanati alikuwa amemuuliza kama aliwahi kushika zebaki. Rhoda akacheka. Aliwahi? Kabla ya saluni alifanya kazi ya kuosha marudio, yale mabaki ya mchanga wa dhahabu, miaka tisa, akichanganya zebaki na mchanga kwenye beseni kwa mikono mitupu, akiikamua kwenye kitambaa, akiichoma jikoni huku mtoto amelala mgongoni. Wote walifanya hivyo. Pesa ya draya na viti vya saluni ilitoka humo humo. Nesi alimwandikia barua aende hospitali ya mkoa akapimwe, naye akaikunja, akaiweka kwenye droo, na hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, lakini Rhoda aliona wahenga hawakuwa na wateja.

Akaandika saa tano.

Jumatatu saa mbili asubuhi Lusia, muuza vitenge wa duka la pili, alikaa kwenye kiti nywele zake zikiwa safi na kavu. Dorika alishika simu. Huyu Dorika alikuja saluni miaka minne iliyopita hajui hata kuchambua rasta, na kila alichokijua alikipata kwenye vidole vya Rhoda. Kwa kawaida yeye ndiye aliyewagawa wateja mistari asubuhi, kabla Rhoda hajafika. Lakini siku hiyo Rhoda alitaka ionekane mikono yake peke yake, akachukua kitana.

Alianzia kisogoni. Alisema maneno yake vizuri, kwa sauti ya mtu anayejua kazi. Saa nne alikuwa na mstari mmoja. Saa sita, miwili. Lusia, ambaye kwa kawaida hunyamaza akiwa amelala tu, alianza kuongea habari za mvua, za bei ya pamba, za mchungaji, za lolote lile ili mtu asitaje saa. Saa saba, wakati ambao kazi ingekuwa imekwisha, zaidi ya nusu ya kichwa ilikuwa haijaguswa.

Rhoda akasema wapumzike kidogo. Akaiomba simu aangalie picha zimetokaje.

Hakuwahi kuiona mikono yake kwa mbali. Mtu akiwa kazini huiona kazi, mikono yenyewe haioni. Kwenye kioo cha simu aliona mkia wa kitana ukicheza juu ya ngozi ya Lusia, ukigusa, ukiruka, ukirudi. Aliona mstari ukipinda mahali aliposema mistari inyooke. Aliona kidole gumba kikitafuta nywele tatu na kuziachia, kikazitafuta tena, na sauti yake mwenyewe juu ya hayo yote ikieleza kwa raha jinsi inavyofanywa. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu ikaja huzuni nzito ambayo hakuwa na pa kuiweka, maana watu wawili walikuwa wakimtazama.

"Tangu lini umejua?" alimuuliza Dorika.

Dorika aliinamisha kichwa. "Tangu mwaka jana, Mama Boaz. Ndiyo maana nawahi kugawa mistari. Na zile za mbele, ukienda kula, huwa nazifumua nazisuka upya."

Rhoda alikumbuka wateja waliomsifu mwaka mzima, na shukrani alizozipokea kichwa juu. Hakukasirika. Angependa kukasirika, ingemsaidia.

Lusia alimshika kiwiko akasema, "Mayu, mama yangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo ningenunua jingine," Rhoda alisema. "Kilichovunjika ni mhunzi."

Baadaye Rhoda mwenyewe ndiye aliyewasha jiko la maji ya moto, akamwambia Dorika afumue zote na aanze upya, na akaishika simu kwa mikono miwili, viwiko ameviegemeza juu ya meza ili picha isitikisike. Dorika alisuka saa nne na dakika arobaini. Rhoda aliona kila msuko ulikuwa wake yeye, si wa Dorika: kile kidole cha mwisho kinachobana rasta, ile namna ya kugeuza kiganja kabla ya kuongeza. Aliona fahari, na fahari hiyo ilimuuma. Usiku wa siku ile hakusoma tena maneno yake ya daftarini kwa sauti. Alimpa Dorika ayasome juu ya picha, na palipoandikwa Rhoda ataje jina lake, Dorika.

Generosa alitumiwa video, akajibu kesho yake kwa ujumbe wa sauti. Alisema hajawahi kuona mkono mwepesi namna hiyo, muda na bei amekubali, Dorika aje peke yake Ijumaa, asuke hadi Jumapili, nauli atatuma. Dorika alilia alipoisikia sauti ile. Rhoda alimfungia rasta kwenye mfuko, akamwekea na kitana kipya, akamsindikiza hadi stendi, akamwambia asikubali kusuka akiwa na njaa.

Ijumaa alifungua saluni kama kawaida. Alifagia, akafuta vioo, akaosha nywele za mwalimu mmoja na kuzikausha, maana hilo aliliweza. Ilipokaribia adhuhuri mama mmoja aliingia na binti wa miaka sita, wanatoka kijijini, wana haraka. Alitaka twende kilioni tu, ile misuko ya kurudi nyuma ambayo kila mama hapa nchini humsukia mwanawe kibarazani, isiyozidi nusu saa. Mtoto alikwisha kupanda kwenye kiti, ameinamisha kichwa, anangoja.

Rhoda aliweka mkono wake juu ya zile nywele laini, akauacha hapo kidogo.

"Mje Jumatatu," alimwambia yule mama. "Leo msusi hayupo."