Milimita Sita

Dukani walimwita Bi Vipimo, na wala hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Mteja akiingia na kusema anataka chujio la maji, muuzaji mwingine angenyoosha mkono, akatoa lililo karibu, biashara ikaisha. Yeye aliuliza. Kopo la chujio lako ni la modeli gani? Lebo umeisoma? Katriji ya zamani umekuja nayo? Wenye haraka walisonya. Lakini hao hao ndio waliorudi, tena wakimuulizia yeye, na jambo hilo lilimkera shemeji yake, mwenye duka, kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Yeye pia ndiye aliyeandika maelezo ya kila katriji, yaani chujio lenyewe linalotiwa ndani ya kopo, kwenye ukurasa wa duka mtandaoni. Watu wa miji ya mbali waliagiza kwa kuyaamini maneno yake tu. Ya katriji ya kuchuja udongo aliyaandika hivi: "Inafaa kopo la K20 pekee. Badilisha kila miezi mitatu, au maji yakianza kutoka kwa unyonge, lolote litakalotangulia. Kabla ya kununua, soma namba kwenye lebo chini ya kopo. Kisha toa katriji ya zamani, uipime kutoka mpira wa juu hadi mpira wa chini. Isipokuwa milimita 254, usinunue hii."

"Nani amekufundisha kuuza kwa kuandika usinunue?" shemeji yake alimuuliza siku moja.

"Waliorudisha mali kabla sijaanza kuandika," alijibu.

Basi ukaja mzigo. Shemeji aliuagiza mwenyewe kwa kutazama picha, kwa kuwa kuuliza ilikuwa ni kujishusha. Makasha arobaini yakajaza stoo hadi mlangoni. Bi Vipimo alifungua la kwanza, akatoa katriji, akaweka futi. Milimita 248. Akapima ya pili na ya kumi. Zote zilikuwa za K18, modeli ya zamani ambayo mjini haikubaki hata mia. Unene ni ule ule, weupe ni ule ule, mipira ni ile ile. Zilipungua milimita sita tu.

Shemeji hakutetereka. Alichukua moja, akaitia kwenye kopo la K20 la maonyesho, akakaza, akafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu, hata tone halikuvuja.

"Umeona? Imeingia, imefunga, haivuji. Andika inafaa K18 na K20."

"Shemeji, kuingia si kufaa. Kopo lina ukingo juu na chini, na ule ukingo ndio unaobana mipira ya katriji. Hii haifiki. Maji hayalazimiki kupita kwenye chujio, yanaruka juu yake na kutoka kama yalivyoingia. Ndiyo maana yanatoka kwa nguvu hivyo."

"Milimita sita! Hata ukucha wangu unazidi hapo."

"Maji hayahitaji mlango mkubwa."

Shemeji akampa hadi Jumamosi. Aandike, au aache funguo mezani.

Dada yake, mke wa mwenye duka, ndiye aliyekaa kaunta, na jioni hiyo alimfuata stoo. Alimlea huyu mdogo wake tangu mama yao alipofariki, na alijua pa kumgusa.

"Mdogo wangu, mkaidi hafaidi. Andika tu. Damu nzito kuliko maji."

"Dada, mimi nazungumzia maji."

"Hata nyumbani mume wangu ameweka hiyo hiyo, wiki ya tatu sasa, tangu sampuli ilipotangulia mzigo. Tunakunywa, watoto wanakunywa. Tumekufa?"

Bi Vipimo aliogopa, tusidanganyane. Kazi nyingine hakuwa nayo, na chumba alimokuwa akilala kilikuwa nyuma ya nyumba ya hao hao. Lakini kila alipoweka vidole kwenye kibodi aliwaona wale asiowajua, wanaosoma kwa makini, wanapima kwa rula ya mtoto wa shule, halafu wanamwamini. Akaandika: "Inafaa K18 pekee. Milimita 248. Usiitie kwenye K20 hata kama itaingia na kufunga." Akabonyeza. Shemeji akafuta. Akaandika tena. Shemeji akabadilisha neno la siri.

Jumamosi asubuhi aliingia mwalimu wa chekechea, katriji yake ya zamani ndani ya mfuko, imekuwa kahawia kama tofali. Alikuwa amefanya kama ukurasa ulivyoagiza: namba ya lebo ameiandika kwenye karatasi, K20, na urefu 254.

"Nataka sita kama hii," alisema. "Watoto ni sitini, na maji ya mtaa mnayajua."

Shemeji alikuwa tayari. Alitoka ofisini na katriji mkononi, akaipandisha juu mbele ya wateja wote.

"Mwalimu, hii mpya ni bora zaidi. Nimeitoa nyumbani kwangu leo asubuhi. Wiki tatu! Yako imekuwa kama matope, yangu itazame." Kweli, ilikuwa nyeupe, ila utando kidogo wa udongo chini. "Hata miezi mitatu haihitaji. Mwaka mzima!" Akamgeukia shemeji yake. "Haya, Bi Vipimo, neno la siri nakurudishia. Andika K20, andika miezi kumi na miwili. Au weka funguo hapa."

Bi Vipimo alichomoa funguo mfukoni, akaziweka kaunta.

"Naziweka. Lakini kwanza jibu mbele ya hawa: maji yetu na ya mwalimu si bomba moja? Ya kwake imekamata udongo hadi ikageuka rangi. Ya kwako wiki tatu haikukamata kitu. Huo udongo umekwenda wapi?"

"Chujio safi ni chujio safi!"

"Chujio safi ni chujio lisilofanya kazi. Nje ndiko yanakoingia maji machafu, na kwenye tundu la katikati ndimo yanamotoka safi. Tia kidole tunduni."

Shemeji akacheka. Hakutia. Akaisukuma katriji pembeni, akamwambia mwalimu asisikilize maneno ya mtu aliyefukuzwa.

Dada akanyoosha mkono, akaivuta. Mumewe akasema, "Wewe, acha." Hakuacha. Akatia kidole cha shahada ndani ya tundu, akakizungusha, kama anavyosafisha chupa ya mtoto, akakitoa. Kilikuwa kahawia hadi kwenye kiungo.

Dada alikitazama. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka miwili, na wiki hiyo nzima alikuwa akimpeleka zahanati kwa kuumwa tumbo.

"Ni mabaki tu," mume alianza, "ukisuuza..."

Dada akakipandisha kile kidole hadi usoni pake.

"Kinywe."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema na mumewe hivyo. Mume akarudi nyuma hatua moja. Dada hakukishusha.

"Kinywe, baba watoto. Si inafaa?"

Mume hakukinywa. Alitazama mlango, akatazama wateja. Dada akazisukuma funguo hadi mbele ya mdogo wake, kwa mkono ule ule, zikapata udongo. Akamwambia mwalimu asubiri, katriji sita za 254 bado zipo rafu ya juu, na atapimiwa kila moja mbele ya macho yake.

Halafu akaivuta kompyuta, akaigeuza kumwelekea mdogo wake.

"Andika ulivyoandika mwanzo," alisema. "Na weka picha ya kidole changu."